Mratibu wa wahudumu wa wagonjwa majumbani: je, 80 yao ni 80 kweli?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 34, mke na mama wa watoto wawili, mhasibu katika kampuni ya usafirishaji. Tangu mama yangu mzazi afariki kwa saratani miaka mitatu iliyopita, kila Jumamosi najitolea kwenye shirika dogo linalowatembelea wagonjwa wa muda mrefu majumbani mwao. Sasa wananitaka niwe mratibu wa wahudumu wao 22. Moyo wangu uko huko.

Sipendi kutaja fedha zetu hadharani, kwa hiyo ninachopokea mkononi sasa nitakiita 100. Matumizi yetu ya mwezi ni 115. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Mwezi mzuri huleta 50, mwezi mbaya 20, na miezi hiyo hugawana mwaka nusu kwa nusu. Akiba yetu ni 160. Shirika linanipa 80, yaani mshahara 50 na posho 30 ya kuwatembelea wagonjwa. Leo huenda kazini kwa gari la kampuni, huko nitajilipia nauli na vocha. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja hadi mradi uishe baada ya miezi 26, na mfadhili ni mmoja.

Mume wangu anasema 80 kujumlisha wastani wake wa 35 ni 115, basi tutaishi. Mama mkwe anasema kazi ya huruma si ya mwenye watoto. Wanataka jibu ndani ya wiki tatu. Nani yuko sahihi?

Mama Wawili

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa mama.

Mume wako amejumlisha sawasawa, ila namba aliyoanzia siyo. Mama mkwe wako naye anaogopa jambo la kweli, ingawa amelipa jina lisilo lake. Nimefanya kazi ya namna hii miaka 11 na nimelea watoto watatu kwa mshahara wake, kwa hiyo simkubalii kwamba haiwezekani. Lakini kuna kipindi mshahara huo ulituacha njiani, na ndiyo sababu nimekaa na barua yako kwa siku nne kabla ya kukujibu.

Mwaka wangu wa tano mradi wetu uliisha mwezi Juni. Mkurugenzi akatuita, akatuambia andiko jipya limeshakubaliwa, fedha ziko njiani, tuendelee kwenda kwa wagonjwa. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa na mzee mmoja ambaye kidonda chake kilisafishwa na sisi tu, ningemwambia arudi kwangu Novemba? Fedha zilifika Novemba kweli. Mishahara ya Julai hadi Oktoba haikufika hadi leo. Kwa miaka niliamini tulidhulumiwa, mpaka nilipoanza kuandika bajeti za miradi mwenyewe nikaelewa. Mfadhili kwa kawaida halipi gharama zilizotokea kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba wa ruzuku. Hata mkurugenzi mwenye nia njema hana mfuko wa kuzitolea fedha hizo, isipokuwa shirika liwe na akiba yake. Kwa hiyo ukisikia “tuendelee, tutalipwa zikija,” jua kwamba mara nyingi hizo zitakazokuja haziruhusiwi kulipa yaliyopita.

Hapo ndipo hesabu ya mume wako inapovuja. Amepima mwezi mmoja, tena mwezi mzuri, ambao kila mtu amelipwa. Kazi inayolipwa kwa mradi hupimwa kwa mzunguko mzima: miezi ya kulipwa pamoja na pengo linalofuata kabla ya mradi mwingine. Tufanye hivyo kwa namba zako.

Anza na ile 80. Posho 30 ni kwa ajili ya kufika kwa wagonjwa, na kufika kuna gharama. Mwombe mratibu mwenzako aliyepo, au aliyekuwepo, akuonyeshe alichotumia kwa nauli na vocha mwezi mzima, usikubali akukadirie kichwani. Mimi hapa naweka 12. Kisha kuna fedha ambayo haimo kwenye mkataba wowote: utaingia nyumba ambayo dawa ya maumivu imeisha tangu jana, na mkono wako utaenda kwenye mkoba. Utatoa. Nilijiapiza mara nyingi kutotoa na nikatoa. Weka 4 kwa mwezi, uziandike kama matumizi, usijidanganye kwamba hazipo. Iliyobaki kwenye 80 ni 64.

Sasa weka miezi. Una miezi 26 ya kulipwa. Ongeza pengo la miezi minne kama letu lile, ambalo halikuwa refu kuliko mengine niliyoyaona. 64 mara 26 ni 1,664. Gawanya kwa miezi 30, unapata 55 na ushei. Hicho ndicho kipato chako halisi kwa mwezi. Jumlisha 35 ya mume wako, mnafika 90 dhidi ya matumizi ya 115. Mnapungukiwa 25 kila mwezi kwa miaka miwili na nusu, na leo, mkiwa mlivyo, mnabakiza 20. Umbali kati ya hapa na kule ni 45.

Kabla hujakata tamaa, tuitazame ile 115 yenyewe, maana nusu ya ushauri wangu imejificha humo. Wapo wachumi wawili, Richard Anker na Martha Anker, ambao mwaka 2017 walichapisha mwongozo wa kukadiria mshahara unaoweza kuiweka familia katika maisha ya staha. Njia yao ni rahisi kuieleza. Wanachukua gharama ya chakula, ya makazi, na ya mahitaji mengine kama afya, elimu na usafiri, wanaongeza kiasi kidogo, kwa kawaida asilimia 5, kwa ajili ya dharura, kisha wanagawa kwa idadi ya wanaofanya kazi katika familia. Napenda vitu viwili katika njia hiyo. Dharura imo tangu mwanzo kama sehemu ya maisha, haiachwi kuwa bahati mbaya. Na mzigo haubebeshwi mshahara mmoja wakati wanaofanya kazi ni wawili. Kwa hiyo rudi kwenye 115 yako uniambie: dharura imo? Sare na vifaa vya shule, ambavyo huja mara moja kwa mwaka, umevigawa kwa 12 ukaviingiza? Na bima ya afya ya watoto je, inatoka kwa mwajiri wako wa sasa? Kama bima ya shirika ni ya mfanyakazi peke yake, 115 yenu itapanda siku utakayohama, na hakuna atakayekuambia.

Nitaendelea na 115 kama ulivyoiandika. Ila andika namba nyingine pembeni yake: mkibanwa kweli, mnaweza kuishi kwa ngapi kwa miezi michache? Kwa familia nyingi za ukubwa wenu nimeona wanaweza kushusha kama sehemu moja ya sita, kwa hiyo nitasema 95. Namba hiyo ni ya kuvuka pengo tu. Usikubali mtu akwambie muishi kwa 95 miezi yote 26, hata kama 64 na 35 zinaifikia. Kinachoahirishwa kwa miezi minne ni viatu na kupaka rangi. Kinachoahirishwa kwa miaka miwili ni jino linalouma na karo, na hivyo hurudi vikiwa deni.

Unaona basi kwamba una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni upungufu wa kila mwezi, hata unapolipwa: 64 na 35 ni 99, na mnahitaji 115, yaani 16 hazipo. La pili ni pengo la miezi minne mwishoni. Watu hujaribu kutibu la kwanza kwa akiba, na hapo ndipo familia huzama, kwa kuwa akiba yenu ya 160 ingeziba 16 kwa miezi kumi tu, kisha pengo lingewakuta mikono mitupu. Upungufu wa kila mwezi utibiwe kwa kipato cha kila mwezi. Akiba iwekewe pengo peke yake.

Kwa kipato cha kila mwezi una kitu ambacho waratibu wengi hawana, nacho ni taaluma yako. Biashara ndogo mbili au tatu zinazohitaji mtu wa kufunga vitabu mwisho wa mwezi zinaweza kukupa 18 bila kukutoa nyumbani. Kwa hiyo 64, na 18, na 35 ni 117. Mmevuka 115 kwa wembamba sana, lakini mmevuka. Nasema “zinaweza” kwa sababu hujanijibu swali ambalo hukuliona unapoandika: usiku nani atapokea simu?

Wewe umezoea Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku nyepesi. Wagonjwa walio mwishoni mwa maisha hawana saa za ofisi. Maumivu huzidi usiku, na familia iliyoogopa itampigia mtu yule aliyeacha namba yake. Mratibu wa wahudumu 22 asiye na zamu ya usiku iliyoandikwa atakuwa yeye mwenyewe zamu hiyo, kila usiku. Nilifanya hivyo miaka miwili. Wiki ya saa 45 ilikuwa saa 60, na hata usiku ambao hakuna aliyepiga nililala na simu kifuani. Usingefunga vitabu vya mtu katika hali hiyo, na watoto wako wangekuwa na mama aliyepo asiyekuwepo. Ndiyo maana katika mazungumzo yako nao zamu ya usiku inatangulia mshahara. Uliza ni wangapi wanashika simu, kwa usiku ngapi, na kama anayeitwa usiku hupewa mapumziko kesho yake. Wakijibu kwamba “tunasaidiana tu,” zile 18 zifute kwenye hesabu, na hapo sikushauri uende.

Baada ya zamu, zungumzia umbo la malipo bila kuwaomba waongeze jumla. Waulize kama 80 hiyo hiyo inaweza kugawanywa upya: mshahara 65, na nauli na vocha zirudishwe kwa stakabadhi hadi kufikia 15. Faida yake ni kwamba posho mara nyingi hukatika ukiwa likizo au mgonjwa, wakati mshahara hauondoki. Pia, pale ambapo mchango wa pensheni na malipo ya mwisho wa mkataba hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, 50 na 65 ni uzee wa namna mbili tofauti. Kodi inaweza kula kidogo, na wao mchango wao wa pensheni utapanda kidogo, kwa hiyo wanaweza kukataa. Lakini ni ombi la haki, na shirika linalojua kazi yake hulielewa upesi.

Ombi la pili ni mkataba. Mradi una fedha za miezi 26, kwa nini wewe una miezi 12? Jibu la kawaida ni kwamba mfadhili hutoa fedha kwa awamu. Ni kweli, na ndiyo sababu mkataba unaweza kuandikwa wa miezi 26 ukiwa na kifungu kwamba fedha zikikatika utapewa notisi yenye malipo, tuseme ya miezi miwili, na notisi hiyo iwe imewekwa kwenye bajeti ya mradi tangu sasa. Usidhani nazungumzia jambo la mbali. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi katika nchi nyingi ilipewa amri ya kusimamisha kazi ikiwa katikati, na watu wenye mikataba halali mkononi walikwenda nyumbani. Walioathirika zaidi ni wale ambao mshahara wao wote ulitoka kwenye mfuko mmoja, kama utakavyokuwa wako.

Hilo linanifikisha mahali ambapo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu wewe ni mhasibu na unaweza kuona kitu ambacho mimi nilichelewa kukiona. Waombe hesabu zao zilizokaguliwa za miaka miwili iliyopita. Shirika la uwazi litakupa. Usitazame salio la benki, nenda kwenye maelezo yanayotenganisha fedha zenye masharti ya mfadhili na fedha huru za shirika. Chukua shirika ambalo gharama zake za mwezi ni 100 na benki lina 700. Linaonekana lina miezi saba ya uhai. Fungua maelezo, ukute 620 ni za mradi uliotengwa, haziruhusiwi kugusa kitu kingine. Zilizo huru ni 80, yaani hata mwezi mmoja haufiki. Hilo ndilo shirika litakalokuambia “tuendelee tu.” Likiwa na fedha huru za miezi mitatu au zaidi, pengo linaweza kupita bila wewe kulihisi, na hesabu yangu yote ya hapo juu inalegea kwa upande wako.

Kisha muulize mkurugenzi swali moja: mradi uliopita ulipoisha, wafanyakazi walilipwa nini kati yake na huu? Umuulize pia aliyekuwa na kiti chako kabla yako, na umuulize nje ya ofisi. Majibu yao yakitofautiana, amini la yule asiyekuwa na nafasi ya kujaza.

Na wahudumu 22, wao wanalipwa nini? Sikuulizi kwa huruma tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii unapendekeza walipwe kwa kadiri ya uzito wa kazi na saa zao, wawe na makubaliano ya maandishi, na malipo yao yasitegemee peke yake, wala kwa sehemu kubwa, malengo waliyofikia. Kama wako wanafanya kazi kwa posho ndogo inayochelewa, wewe ndiye utakayetazamwa usoni tarehe ikipita. Zile 4 nilizoziweka za kutoka mfukoni hazitatosha, kwa sababu hutatoa kwa wagonjwa peke yao. Ukiona posho zao zimechelewa zaidi ya mara moja mwaka jana, weka 8.

Sasa pengo. Wakati wa pengo mtaishi kwa 95. Mume wako tumpe mwezi mbaya, 20, kwa kuwa mabaya hupenda kuja pamoja. Vitabu vyako vya pembeni 18. Panapungua 57 kwa mwezi, mara nne ni 228. Mna 160. Zinazokosekana ni 68. Leo mnabakiza 20 kwa mwezi, na ukianza vitabu vya pembeni ukiwa bado uko kazini, ukishahakikisha mkataba wako wa sasa hauvikatazi, mtabakiza hadi 38. Mwezi wa kwanza huenda usipate mteja, wa pili akaja mmoja, wa tatu wakatimia. Miezi mitatu inatosha kuzifikia 68, na inatosha pia kukuonyesha kama kazi hiyo ya jioni unaiweza kweli, kabla hujaitegemea kwa mlo wa watoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa wiki zako tatu ni hili. Kama ilivyoletwa, kazi hiyo haiwezi kuitunza nyumba yako, na usisaini. Ikija na zamu ya usiku iliyoandikwa, notisi yenye malipo, na tarehe ya kuanza miezi mitatu kutoka sasa, inaweza, na kama ningekuwa wewe ningekwenda. Mgawanyo mpya wa mshahara na posho ni wa kupigania, ila si wa kukurudisha nyuma. Wakisema hawawezi kusubiri miezi mitatu, kumbuka kwamba notisi yako kwa mwajiri wa sasa huenda ikala mwezi mmoja wapo, kwa hiyo mnavutana juu ya miezi miwili tu. Wakikataa hata hiyo, kuna njia ambayo barua yako haikuitaja. Shirika hilo lina vitabu, na vitabu vyake lazima vifungwe kwa kila mfadhili atakayekuja. Nafasi ya mhasibu mara nyingi hulipwa kwa kuchangiwa na miradi kadhaa pamoja, na mradi mmoja ukifa nafasi haifi yote. Waulize kama wanayo, hata ya siku mbili kwa wiki. Wagonjwa wa Jumamosi utabaki nao.

Hesabu hii kaeni nayo wewe na mume wako, namba kwa namba, na mama mkwe umwonyeshe pia. Sidhani anapinga huruma. Nadhani aliwahi kumwona mtu akifanya kazi miezi minne bila malipo.

Ukisaini, hesabu mwezi wa 20 wa mradi, yaani miezi sita kabla haujaisha, uuandike kwenye kalenda siku hiyo hiyo. Siku ikifika, mwombe mkurugenzi akuonyeshe mkataba wa ruzuku mpya uliosainiwa, wenye tarehe ya kuanza isiyoacha nafasi. Barua ya kusifu andiko, au ujumbe kwamba mazungumzo yanaendelea, usiihesabu. Kama mkataba haupo, anza kutuma maombi ya kazi jioni hiyo, ukiwa bado unalipwa, na uwaambie wagonjwa wako na familia zao mapema nani atawatembelea baada yako. Mimi sikumwambia yule mzee, na hilo linaniuma kuliko mishahara.